Nimepewa WD Tena

Kwenye timu ya netiboli ya ofisi yetu ugawaji wa vizibao haufuati kipaji wala mazoezi. Unafuata nani amewahi kufika kwenye mfuko. Kapteni akishaufungua, kizibao cha GS huchukuliwa na dada wa manunuzi, ambaye hajafunga goli tangu apandishwe cheo. GA huenda kwa binti wa mapokezi kwa sababu ana kasi na kwa sababu mashabiki wanataka aonekane. Senta ni kapteni mwenyewe, na hilo halijadiliwi. GK na GD ni mapande mawili ya watu kutoka masjala, nao hakuna anayethubutu kuwanyang'anya. WA ni dada mmoja mwembamba wa TEHAMA anayekimbia kama anadaiwa. Mfuko ukishakung'utwa mchangani, kinachobaki ni kizibao chenye herufi mbili, WD, na gundi yake ya kubandika imechoka kiasi kwamba herufi ya mgongoni imeshikizwa kwa plasta ya ofisi. Hicho ndicho changu.

Sheria inataka herufi ziwe na urefu wa milimita 150, mbele na nyuma, juu ya kiuno, ili mwamuzi akiwa pembeni ya uwanja ajue mara moja huyu ni nani na anatakiwa kuwa wapi. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni kwamba waamuzi wanazisoma na mashabiki hawazisomi. Kwa shabiki wa ofisi yetu aliyekulia kwenye kandanda, mtu yeyote ndani ya uwanja ana haki ya kwenda popote, na akisimama ghafla kwenye mstari basi ni mvivu.

Kwa hiyo wacha niwaeleze, kwa sababu nimechoka kuelezwa.

Uwanja wa netiboli una urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25. Mistari miwili inaukata kwa upana, zikapatikana theluthi tatu zilizo sawa. Kila mwisho wa uwanja kuna nguzo ya mita 3.05 yenye ringi bila ubao nyuma yake, na mbele ya nguzo kuna nusu duara ya nusu kipenyo cha mita 4.9, ambayo sisi tunaiita duara tu. Humo ndimo magoli yanamofungwa, na wafungaji ni wawili tu, GS na GA. Mwingine yeyote akiurusha ukapita katikati ya ringi, hata kwa ufundi wa kutoa machozi, hesabu haibadiliki.

Sasa angalia mgawo wa ardhi. GS anakaa theluthi ya mashambulizi pamoja na duara lake, basi. GK anakaa theluthi ya ulinzi na duara lake, basi. Hawa wawili hawatoki nje ya mtaa wao hata kukiwaka moto. GA na GD wana mtaa huohuo pamoja na theluthi ya kati. Senta anazurura theluthi zote tatu, ila haingii duara lolote. WA ana theluthi ya kati na ya mashambulizi, bila duara. Na mimi, WD, nina theluthi ya kati na ya ulinzi, bila duara. Yaani duara la wenzetu nisilisogelee kabisa, na la kwetu nilichungulie tu. Nimepewa ulinzi wa nyumba ambayo sina ufunguo wa chumba chochote.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na mechi ya kujipima na idara nyingine, kujiandaa na michezo ya SHIMIWI. Mashabiki walikuja kwa basi la ofisi, wakiwa na vuvuzela moja na maneno mengi. Mbele yao alikaa kaka mmoja wa uhasibu ambaye jioni hufundisha timu ya mpira wa miguu ya mtaani kwao, na ndiye alikuwa msemaji. Robo ya kwanza haijafika nusu, nikamsikia: "Mama, ingia ndani! Umemwacha peke yake! Ingia!"

Aliyeachwa peke yake alikuwa WA wa wenzetu, msichana mdogo mwenye miguu ya swala, kasimama kwenye ukingo wa duara letu na mpira mkononi. Kuingia ndani maana yake ni kukanyaga duara, na mimi nikikanyaga duara ni kosa la kuvuka eneo. Mwamuzi anapiga kipenga, wapinzani wanapewa pasi huru palepale nilipokosea, na huyo msichana anaendelea na kazi yake akiwa na nafasi nzuri kuliko mwanzo. Haijalishi nilikuwa na mpira au sikuwa nao. Ni kukanyaga tu.

Hapa ndipo penye uchungu wa nafasi yangu, na sijawahi kusikia mtu akiuzungumza. Mchezaji mwenye mpira lazima nimpe nafasi ya mita 0.9, kupimwa chini, kutoka mguu wake aliotua nao hadi mguu wangu ulio karibu. Nikisimama umbali huo ninaweza kuinua mikono na kumzibia macho na njia ya pasi. Vizuri. Lakini msichana akishafika kwenye ukingo wa duara na uso wake umeelekea ringi, mita 0.9 mbele yake iko wapi? Iko ndani ya duara. Mahali pekee ambapo mlinzi mwenye akili angesimama, mimi nimekatazwa na sheria. Nabaki kusimama ubavuni kwake au mgongoni, nimeinua mikono kama mtu anayeomba lifti, na yeye anamtazama GS wake kwa utulivu, anamrushia mpira wa juu, na wale mapande wetu wa masjala wanajua wenyewe.

Ndiyo maana kazi ya WD inafanyika kabla ya hapo, mahali ambapo kaka wa uhasibu haangalii. Inabidi nimzuie huyo msichana asifike ukingoni. Anapoingia theluthi yetu ya ulinzi bila mpira, nakimbia ubavuni kwake upande wa ndani, namwachia njia ya kwenda pembeni tu, kule kwenye mstari wa nje, ambako akipokea mpira atakuwa mbali na ringi na pasi yake itachukua muda mrefu hewani. Ukiona WA wa wapinzani anapokea mipira yake kwenye kona na anarudisha nyuma kwa senta, ujue WD anafanya kazi. Ukiona anapokea akiwa amekanyaga kando ya duara, WD ameshindwa sekunde tatu nyuma, na kumwambia aingie ndani sasa ni kumwambia aongeze kosa.

Nilijaribu kumweleza hayo wakati wa mapumziko. Akanijibu, "Sawa mama, lakini ungejitahidi kidogo."

Mstari wenyewe una huruma zake, na hizo nazo wanapaswa kuzijua. Mstari ni wa pande zote mbili, kwa hiyo nikiukanyaga sijavuka. Halafu kinachokatazwa ni kugusa ardhi ya mwenzako, hewa yake ni ya wote. Mpira ukiwa ndani ya duara karibu na ukingo, ninaweza kusimama kwangu, nikapinda kiuno, nikauchukua kwa mkono, mradi hakuna sehemu ya mwili inayogusa chini upande ule. Kwenye robo ya pili nilifanya hivyo. Mpira ulimponyoka GS wao, ukadunda polepole kuelekea ukingoni, nikajikunja, nikauvuta kwa vidole. Mgongo ulilia, lakini mguu haukuvuka. Upande wa mashabiki kukawa kimya. Walikuwa wanasubiri kipenga, na kipenga hakikuja.

Tatizo la kuupata mpira ni kwamba mara tu ukiushika, sheria ya pili inaanza kukudai, nayo ni ya miguu.

Ukidaka mpira ukiwa hewani, mguu unaotangulia kugusa chini ndio mguu wako wa kutua. Mwingine uko huru: unaweza kuupiga hatua mbele, nyuma, pembeni, unaweza hata kuzunguka mara nyingi upendavyo ukiwa umeegemea ule wa kutua. Ule wa kutua unaweza kuunyanyua pia. Usichoweza ni kuurudisha chini mpira ukiwa bado mikononi. Ukitua na miguu yote miwili kwa pamoja, unachagua mmoja wa kuhama, na unaobaki ndio unahesabiwa kuwa wa kutua. Hakuna kurukaruka kwa mguu mmoja, hakuna kuuburura ule wa kutua. Na katika shughuli yote hiyo una sekunde tatu za kuuachia mpira.

Kwenye karatasi inasomeka kama jambo la utulivu. Sasa ichukue uiweke kwenye magoti yangu, karibu na mstari.

Mwanzoni mwa robo ya tatu nilikuwa kwenye theluthi ya kati, nakimbia kuelekea mashambulizi, na kapteni akanirushia mpira mbele yangu kidogo. Nikaruka, nikaudaka. Mguu wa kulia ukatua hatua moja kabla ya mstari wa theluthi ya mashambulizi, ambayo kwangu ni nchi ya kigeni. Mwili una mwendo, na mwendo unataka mguu wa kushoto utue mbele. Mbele ni ng'ambo ya mstari. Nikiuweka pale, nimevuka eneo. Nikiuzuia usitue, mwili unaendelea kwenda na mguu wa kulia unainuka, na ukirudi chini kabla sijautupa mpira, ni kosa la miguu. Kwa hiyo mtu wa umri wangu inabidi azungushe nyonga akiwa njiani, auweke mguu wa kushoto pembeni sambamba na mstari, avunje goti, amtafute WA kwa macho, na arushe. Nilifanya yote hayo. Pasi ikafika. Binti wa TEHAMA akaipeleka kwa GA, shangwe zikalipuka kwa ajili ya GA, na kaka wa uhasibu akauliza kwa sauti kwa nini WD alisimama badala ya kwenda na mpira.

Kwenda na mpira! Netiboli hauendi na mpira. Unaruhusiwa kuudundisha mara moja kuudhibiti, basi. Mpira ndio unaokwenda, watu wanaupokea wakiwa wameshafika.

Lakini ghasia yenyewe ilikuwa robo ya nne. Tulikuwa nyuma kwa goli moja. Binti wa mapokezi, GA wetu, alikuwa anakimbilia duara kutoka pembeni, WA akamrushia, akaudaka akiwa hewani. Mguu wa kulia ukatua nje kidogo tu ya duara, wa kushoto ukaingia ndani. Akaunyanyua wa kulia, akabaki amesimama kwa mguu wa kushoto ndani ya duara, akainua mikono, akafunga. Ukapita bila hata kugusa ringi. Basi zima la ofisi likainuka. Vuvuzela ikapulizwa mpaka ikakohoa. Mwamuzi akakataa goli, akawapa wapinzani pasi huru.

Mlitaka kumla mwamuzi yule, na mlioijua sheria ya miguu ndio mlikuwa wakali zaidi. "Hajarudisha mguu wa kulia chini! Miguu iko sawa!" Ni kweli, miguu ilikuwa sawa. Binti hakufanya kosa la hatua hata kidogo. Lakini kuna sharti jingine kwa mfungaji: anapoudaka mpira na muda wote anapoushika, asiwe amegusa ardhi iliyo nje ya duara. Mguu wake wa kulia ulitua nje. Tangu sekunde ile aliruhusiwa kuingia ndani na mpira, ndiyo, na aliruhusiwa kupiga pasi, ila hakuruhusiwa kufunga. Alichotakiwa kufanya ni kumpa dada wa manunuzi, aliyekuwa amesimama chini ya ringi mikono juu anaita. Labda angekosa, anakosaga, lakini lingekuwa kosa halali. Na kama ule mguu wa kulia ungetua juu ya mstari wa duara, bila kisigino kugusa nje, goli lingesimama, maana mstari ni sehemu ya duara. Tulipoteza kwa upana wa kisigino.

Nilimweleza kaka wa uhasibu haya nikiwa bado nahema. Akasema mwamuzi amenunuliwa. Kwa bajeti ipi? Yeye ndiye mhasibu.

Huwa najiuliza nani alikaa akabuni mateso haya ya mistari, na nimegundua kwamba kuna hadithi. Mchezo huu ulichipuka kutoka kikapu, ambacho James Naismith alikibuni Marekani mwaka 1891. Inasimuliwa kwamba mwalimu mmoja wa New Orleans, Clara Baer, alitumiwa mchoro wa uwanja wenye mistari iliyoonyesha wachezaji wanafaa kuzungukia wapi, naye akaelewa kwamba wamekatazwa kutoka humo. Mwaka 1895 akachapisha sheria zake za kina dada, kila mmoja na eneo lake. Mchezo ulipovuka kwenda Uingereza, wanafunzi wa kike wakaucheza na magauni marefu ya zama zile, kukimbia na mpira kukawa hakuna, kukawa na kutua na kurusha. Kwa hiyo mimi, mama mwenye suruali ya michezo na viatu vya raba, mwaka huu, nazuiliwa kuingia kwenye duara kwa sababu ya penseli ya mtu na gauni la mwingine. Ningependa kuiona hiyo karatasi.

Halafu kuna wanaosema, basi ondoeni hawa wa katikati, GK wenu ana mkono wa nguvu, arushe moja kwa moja kwa GS, mchezo uishe. Dada wa manunuzi ndiye mwasisi wa wazo hilo. Haliwezekani, na nalifurahia sana. Mpira hauruhusiwi kuvuka theluthi nzima bila kuguswa ndani yake. Kutoka ulinzi lazima mtu aupokee au auguse katikati kabla haujafika mashambulizi. GK na GS hawakai katikati. Nani anakaa? GA, GD, senta, WA, na bibi mmoja mwenye plasta mgongoni.

Hata mpira unapoanza upya baada ya kila goli ni hivyohivyo. Senta anasimama kwenye duara dogo la katikati, wengine wote, isipokuwa senta wa wapinzani, tunasubiri kwenye theluthi za magoli mpaka kipenga kilie, halafu pasi ya kwanza lazima ipokelewe au iguswe ndani ya theluthi ya kati. Wote wanawakimbilia WA na GA kuwakaba kwa sababu ndio wanaotegemewa. Wakizibwa, kapteni anageuka nyuma, na nyuma niko mimi, nimeshachomoka, hakuna aliyejisumbua kunikaba. Dharau nayo ina faida. Ila ukichomoka kabla ya kipenga, hata kwa kidole cha mguu, mpira unakwenda kwa wenzenu. Kwa hiyo unasimama nyuma ya mstari umeinama, unasikiliza kipenga, huku mtu kwenye basi anakuuliza kama umelala.

Tulifungwa kwa goli hilohilo moja. Baada ya mechi wakati chai inagawiwa, bosi akatoa wazo kwamba kina baba nao wacheze robo moja ya kirafiki, maana wanaonekana wanaujua. Kapteni akamwendea kaka wa uhasibu akiwa na vizibao vyote saba mkononi na kumwambia achague. Akachagua senta, kwa sababu senta anakwenda kote.

Kipenga cha kwanza: alidaka, akakimbia hatua nne. Cha pili: alidaka, akakumbuka miguu, akasimama kishujaa, akasahau sekunde. Cha tatu: aliudundisha mpira mpaka mwamuzi akamhurumia. Cha nne aliingia ndani ya duara kwa mbwembwe zote, akafunga, akavua kizibao kushangilia, na pale akapata maelezo marefu ambayo sikuyasikia vizuri kwa sababu nilikuwa nacheka nimeshikilia nguzo.

Akanijia anatweta, jasho linamtoka hadi kwenye nyusi. "Mama, kwani kwenye huu mchezo mtu anaruhusiwa kufanya nini?"

"Kurusha," nikamwambia. "Na ulishachelewa."